Kodi ya Miezi Mitatu Mitatu

Adeline hana bosi, na wenye nyumba hawapendi mtu asiye na bosi. Kazi yake ni kutambua miti. Wanafunzi wa chuo kikuu wanapokwenda kufanya utafiti katika msitu wa Masako, nje ya Kisangani, yeye ndiye anayetangulia na panga. Anachanja gome kidogo, ananusa, anatazama utomvu, kisha anataja jina la mti kwa lugha ya wenyeji na kwa Kilatini. Kilatini hicho hakukisomea popote. Alikiokota kwa baba yake, aliyeifanya kazi hiyo miaka ishirini na kufa bila kuandikwa hata kwenye daftari moja la mshahara. Kuna mti ambao gome lake linanuka kitunguu saumu. Mwanafunzi mgeni akiambiwa anuse, hucheka. Adeline hacheki, anasubiri aandike.

Sasa, malipo ya kazi hiyo yanakuja yanavyotaka yenyewe. Kwa siku moja ya msituni analipwa dola nane. Mwanafunzi anayejilipia mwenyewe hutoa pesa wanapotoka porini. Mradi wenye wafadhili unalipa vizuri zaidi, lakini karatasi zake zinazunguka ofisini wiki tano, sita, na Adeline anangoja. Julai na Agosti wanafunzi wanamgombania. Oktoba mvua inanyesha na hakuna anayemkumbuka. Karibu kila mwezi kitu kinaingia, kidogo au kikubwa. Kisichoingia kamwe ni dola tisini kwa siku moja.

Na dola tisini kwa siku moja ndizo alizotaka Mama Josée.

Mama Josée alikuwa mwenye lopango, yaani kiwanja chenye nyumba za kupangisha, pale Adeline alipopanga na binti yake Naomie, vyumba viwili kwa dola thelathini kwa mwezi. Lakini kodi hailipwi kwa mwezi. Mkataba ulisema miezi mitatu kwa pamoja, kila robo mwaka inapoanza. Kabla ya kuingia, Adeline alikuwa ameweka pia garantie ya miezi mitatu, yaani amana ambayo mwenye nyumba anaishika na kuirudisha siku mpangaji anapotoka, kama hakuvunja kitu na hana deni. Mama Josée alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye depo, ghala la maharagwe na viazi. Alifika misa ya kwanza kila Jumapili na alimjua kila dereva wa lori kwa jina. Wapangaji wake wote walilipa siku moja ili apate fungu moja la kutuma Butembo. Haukuwa uchoyo, ulikuwa utaratibu. Lakini utaratibu wa mwenye depo unaweza kumnyonga mwenye panga.

Miaka miwili Adeline hakuchelewa hata siku moja. Nani alijua jinsi alivyofanya? Aprili alikopa kwa mtu wa riba, dola hamsini zikarudi sabini na tano. Januari aliuza cherehani. Ilipofika Juni akatazama chumbani, akaona kilichobaki cha kuuza ni kitanda. Hasira ikampanda. Hakuwa mdaiwa, hakuwa mvivu, na bado kila robo mwaka alikuwa anahangaika kama mwizi. Akachukua karatasi ya mistari kwenye daftari la Naomie, akaandika barua.

Jumatatu akaipeleka depo. Mama Josée alikuwa amekaa kati ya magunia, miwani puani.

“Mama Naomie, karibu. Ni ya juu ya Julai?”

“Ni ya juu ya Julai, mama. Minaomba tubadirishe. Nilipe kila mwezi, tarehe tano. Soma, nimeeleza yote.”

Mama Josée alisoma polepole. Barua ilieleza miezi kumi na miwili iliyopita, mwezi kwa mwezi: siku ngapi msituni, na pesa ziliingia lini. Oktoba ilikuwa na siku tatu tu. Adeline hakuificha Oktoba. Alijua ukitaka kuaminiwa, aibu yako unaitanguliza mwenyewe.

“Mwezi moja dola mia, mwezi ingine makumi mbili na ine,” alisema Mama Josée. “Sasa hii njo mshahara?”

“Njo mshahara yangu. Inakuja, lakini inakuja vipande vipande. Unipe nafasi niilipe vipande vipande.”

“Bon. Niletee karatasi ya patron wako.”

“Sina patron, mama.”

“Alors mwanaume moja asainie. Kaka yako, tonton yako, mutu mwenye anapata mshahara kwa banki. Atabeba jina yako.”

Hapo ndipo Adeline alipochemka. Kaka alikuwa naye, kule Lubunga ng'ambo ya mto, na kaka huyo hakuwa amefanya kazi ya mwezi mzima tangu azaliwe. Lakini suruali yake ingetosha!

“Jina yangu ninaibeba mwenyewe,” alisema. “Ni mwanaume gani alikulipa hii miaka mbili?”

“Usinipandishie sauti kwa depo yangu. Mukataba inasema miezi tatu. Nikikupatia weye, kesho bote banakuja na mabarua, na miye nitakuwa nabisha mulango kila siku sawa muombaji. Julai, tarehe moja. Tisini. Ao utafute fasi ingine.”

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Adeline aliondoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo mama yake angemkemea. Njiani hakuwa na hasira peke yake. Nyumba ile ilikuwa karibu na shule ya Naomie, na barabara ya kwenda Masako ilipita jirani. Akiikosa, atahamia mbali ambako nauli itakula siku zake za kazi. Aliogopa. Lakini alipofika nyumbani alikuwa ameshaamua: liwalo na liwe. Akachana karatasi ya pili kwenye daftari la Naomie, akaandika tena.

Alhamisi yeye na Mama Josée walikaa mbele ya Papa René, wakala wa huduma ya makazi kwenye ofisi ya komini, yaani ya manispaa, anayesikiliza kesi za wapangaji na wenye nyumba. Adeline ndiye aliyemwomba amwite Mama Josée. Papa René alikuwa mtu mkavu, mwenye kalamu tatu mfukoni na uso wa mtu aliyesikia uongo wote wa mji huu. Alisoma mkataba, akasoma barua, akavua miwani.

“Mama Adeline, nikuambie ukweli. Mukataba ni sheria ya batu bawili. Mumekubaliana trimestre, miezi tatu tatu. Siwezi kumulazimisha mama akubali mwezi. Kubadirisha, mpaka bote bawili basainie.”

“Umesikia?” Mama Josée alisema, na kuanza kufunga mkoba wake.

“Nimesikia,” alisema Adeline. “Niko najua. Njo maana nimekuja na ingine.”

Akaweka karatasi ya pili mezani. Ilikuwa taarifa ya kuhama, miezi mitatu kama inavyotakiwa, kuanzia siku ya kwanza ya Julai. Chini yake mstari mmoja: naomba nirudishiwe garantie yangu, dola tisini.

Mama Josée aliisoma mara mbili. “Unahama?”

“Ninahama. Ulisema nitafute fasi ingine.”

“Sasa Julai utalipa na nini?”

“Njo hapo, mama. Sina tisini. Lakini weye uko na tisini yangu. Papa René, mutu anaweza kumaliza miezi yake ya mwisho na garantie yake?”

Papa René alikuna kidevu. “Kisheria, garantie si kodi. Inabaki kwa mama mpaka siku unatoka, tunakagua nyumba, anakurudishia. Kama munapatana, inaweza kukatwa. Mu mji hii njo bote banafanya. Mama Josée, garantie yake iko?”

Kila mtu Kisangani anajua garantie huwa inakwenda wapi. Mwenye nyumba anaipokea asubuhi, jioni imeshakuwa mabati au magunia. Anayetoka hulipwa kwa garantie ya anayeingia. Mama Josée alifanya kosa hilohilo la wote: alikuwa ameishika amana ya mtu mpaka akasahau kwamba si yake.

“Feza iko kwa mali, niliinunulia viazi,” alisema Mama Josée. “Camion imelala kwa potopoto, huko nyuma ya Bafwasende. Wiki ya pili sasa.”

“Garantie si mali yako, mama,” alisema Papa René bila kupandisha sauti. “Umewekewa tu.”

Adeline alimtazama yule mama na, kwa kitambo kidogo, akamwonea huruma. Lori limekwama, viazi vinaoza, robo mwaka inakuja. Kumbe na yeye pesa yake inakuja inavyotaka! Lakini huruma haikumfanya aiondoe karatasi mezani.

“Mama Josée,” alisema, “miye sikuombi musaada. Nikihama, miezi tatu hii tutagombana tu juu ya garantie, kiisha utatafuta mupangaji mupya. Nikibaki, Julai iko na thelathini, Agosti thelathini, Septemba thelathini. Garantie yangu siigusi, inabaki kwako sawa zamani. Nikikosa mwezi moja tu, tunarudia mu trimestre, na hiyo tuandike. Chagua.”

“Na Oktoba? Mvua ikikula kazi yako?”

“Ya Oktoba ninaiweka tangu Agosti, wakati kazi iko mingi. Vile nilikuwa nalisha mutu wa riba, sasa nitajilisha miye mwenyewe.”

Mama Josée akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha nyingi. “Weye mwanamuke uko kichwa nguvu.”

“Hiyo kichwa njo inalipaka kodi.”

Papa René hakungoja wabadilishe mawazo. Aliandika nyongeza ya mkataba, nakala tatu: kodi kila mwezi, mwisho tarehe tano, garantie palepale, na kosa moja linarudisha utaratibu wa zamani. Aliposoma kwa sauti, Mama Josée aliuliza kama hakuna nafasi ya shahidi mwanaume. Papa René akasema nafasi ipo ya mpangaji na ya mwenye nyumba, basi. Adeline akasaini jina lake lote, herufi kubwa, kalamu ikakaribia kutoboa karatasi.

“Haya, tutaonana tarehe tano,” alisema Mama Josée.

“Apana, tumalize leo.” Adeline alifungua fundo la kitenge, akatoa noti za dola thelathini. Mwanafunzi mmoja alikuwa amemlipa juzi. “Julai ni hii.”

Mama Josée alizinyanyua noti kwenye mwanga moja moja, akitafuta mchaniko, maana dola yenye mchaniko hata mdogo hakuna anayeipokea. Hakuupata. Akatoa kitabu chake cha stakabadhi, na mkono wake, uliozoea miaka yote neno moja, ukaandika: trimestre ya tatu. Akachana karatasi na kumpa.

Adeline aliisoma, akairudisha mezani na kuisukuma mbele ya mwenye nyumba wake.

“Kata hiyo neno, mama. Uandike Julai.”

Akakaa kwenye kiti, mikono imekunjwa, mpaka likakatwa.