Kabari Zilizogeuka Kulia

Kazini walimwita Bibi Kabari. Mwanzoni jina hilo lilimkera, baadaye akalizoea, na mwishowe akajikuta analitumia mwenyewe akipokea simu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mume fundi wa majokofu, na chumba kidogo nyuma ya jumba la makumbusho, katikati ya stoo ya ngazi na choo cha wafanyakazi. Humo, miaka kumi na tisa mfululizo, alikuwa akijibu watu wanaotuma picha za mawe.

Watu hutuma, tena hawachoki. Kila anayejikwaa shambani huinuka na jiwe mkononi akiamini amekanyaga ufalme. Bibi Kabari aliwahi kutumiwa nyayo za kuku kwenye saruji iliyokauka, alama za meno ya tingatinga, na kigae cha bafuni ambacho mwenyewe aliapa kwamba kina laana. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, peke yake alikuwa ametuma mawe kumi na moja. Yote yalikuwa yamechorwa na mchwa au na mizizi. Kila alipojibiwa hivyo aliandika: "Shemeji, angalia tena." Naye aliangalia tena, kwa sababu shemeji ni shemeji.

Jumatatu moja Mkurugenzi aliingia chumbani humo bila kubisha hodi, simu ikiwa imenyanyuliwa juu kama taa. Alikuwa mgeni kazini, mwezi wa nne tu, na alipenda waandishi wa habari kuliko alivyopenda chakula.

"Mama, tumepata," alisema akihema. "Hiroglifi! Farao ametufikia mlangoni!"

Bibi Kabari alivaa miwani, akaipokea simu. Pichani kulikuwa na kitu cha mviringo, bapa kidogo, kinachotosha kwenye kiganja, rangi ya udongo uliochomwa. Juu yake palikuwa na safu za alama ndogondogo.

"Ndugu Mkurugenzi, Farao hayumo."

"Hata mmoja?"

"Hata mtumishi wake. Unaona ndege hapa? Unaona jicho, nyoka, mtu aliyepiga goti?"

Mkurugenzi akasogeza pua. "Naona… misumari."

"Basi umeona vizuri. Hiroglifi ni picha. Hata usipojua kusoma, utamtambua bundi ukimkuta. Huchongwa kwenye jiwe, au hupakwa rangi ukutani, na jina la mfalme utalikuta limezungushiwa duara refu kama limefungwa kamba. Huu ni mwandiko wa kikabari. Mwandishi alichukua udongo mbichi, akachukua kipande cha tete kilichokatwa pembe, akagandamiza." Aligandamiza pembe ya rula kwenye kifutio chake laini kuonyesha. "Pale pembe inapozama ndipo kichwa kinene, halafu mkia unakwenda ukisinyaa. Kama kabari ya kupasulia kuni. Haya ni ya watu wa kati ya mito miwili, mbali kabisa na Misri."

"Lakini ni ya zamani?"

"Mwandiko, ndiyo. Kitu chenyewe sijui."

Mkurugenzi alikuwa ameshasikia alichotaka kusikia. "Nimeshawaita waandishi. Ijumaa saa nne."

"Umewaita kabla ya kuniuliza?"

"Nilidhani utafurahi."

Picha, kumbe, ilitumwa na mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa akisaidia kusafisha stoo ya shule yake ya zamani. Alikikuta kitu hicho kwenye boksi la ramani zilizoliwa na panya. Bibi Kabari aliihamishia picha kwenye kompyuta, akaikuza, na hapo akasogeza kiti karibu.

Vichwa vya kabari vilikuwa upande wa kulia.

Si kimoja, si viwili. Vyote. Sasa, kabari iliyosimama huwa na kichwa juu. Iliyolala huwa na kichwa kushoto, na mkia unaelekea kulia kunakokwenda maandishi. Hivyo ndivyo mkono ulivyoshika tete kwa karne na karne. Kabari ya kulala yenye kichwa kulia ni sawa na kumkuta mtu amevaa shati mgongo ukiwa mbele: inawezekana, lakini utamtilia shaka. Aligeuza picha juu chini, akidhani imelala vibaya, na kweli vichwa vikahamia kushoto, ila sasa zile zilizosimama zikawa na vichwa chini. Akairudisha. Alichunguza pia mwanga, maana mwanga ukitoka upande usiotarajiwa jicho hudanganyika likaona mashimo ni vinundu. Hapana, ni mashimo, na yamekaa kinyume.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Safu mbili za juu zilikuwa nadhifu. Mbili za chini zilikuwa zilezile, alama kwa alama, lakini zimepinda na kubanana. "Mwongo huyu aliishiwa cha kuandika," Bibi Kabari alijisemea, "akajirudia."

Aliandika barua. Ilikuwa barua fupi, na kwa bahati mbaya aliiona nzuri. Ilisema kitu hicho ni bandia, kimetengenezwa na mtu asiyejua kabari huelekea wapi, na kwamba ndugu mstaafu asivunjike moyo. Nakala akampelekea Mkurugenzi, ambaye alikaa ofisini mwake mchana kutwa na mlango umefungwa, akiwa ameinamia hotuba yenye neno Farao mara saba.

Alhamisi asubuhi mwalimu mkuu alifika mwenyewe. Alikuwa mzee mrefu, suruali imepigwa pasi hadi mstari unakata, mkononi ana taulo lililofungwa kama mtoto. Hakukaa alipokaribishwa.

"Wewe ndiye uliyeandika barua hii?"

"Shikamoo mwalimu. Ndiye mimi."

"Marahaba. Miaka thelathini na minne nimesahihisha madaftari. Najua mtoto aliyenakili kwa mwenzake na najua aliyefikiri mwenyewe. Hiki," akagusa taulo, "kiliandikwa na mtu aliyekuwa anahangaika kweli. Mwongo hahangaiki hivi."

Alifungua taulo. Bibi Kabari akainama, tayari kumwonyesha kosa kwa ncha ya penseli. Penseli ikabaki hewani.

Vichwa vilikuwa kushoto.

Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa. Bado kushoto, vyote, vimejipanga kama askari.

"Mwalimu," alisema polepole, "ile picha uliipigaje?"

"Kwa simu. Kamera ya nyuma ilipasuka kioo, nikatumia ile ya mbele, ya kujipigia sura. Kwani ina dhambi?"

Bibi Kabari aliivuta simu ya mzee, akaelekeza kamera ya mbele kwenye kitambulisho chake cha kazi, akapiga. Wakaangalia pamoja. Neno MAKUMBUSHO lilikuwa limesimama kinyumenyume, herufi zimegeuziana migongo, na yeye mwenyewe, kwenye picha ya kitambulisho, nywele zimehama upande.

"Inageuza kama kioo," mzee alisema.

"Inageuza kama kioo," alikubali Bibi Kabari, na masikio yakamchoma moto. "Na ingekuwa hiroglifi nisingegundua hata kidogo. Wale waliandika kwenda kulia au kushoto, walivyopenda. Ndege na watu huangalia mwanzo wa mstari, wewe unaanza kusoma upande wanaouelekea. Wakigeuzwa, unasema tu wameandika upande wa pili. Hawa wa kabari hawana mchezo huo."

Akakinyanyua kile kitu ili aombe radhi akiwa amekishika kwa heshima. Kilikuwa chepesi mno. Akakipitishia ukucha ukingoni na akahisi mstari mwembamba unaozunguka pande zote, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Upande mmoja kulikuwa na matundu ya mapovu, na pale palipomeguka kidogo, ndani palikuwa peupe pepepe. Plasta.

Ni nakala. Mtu fulani, zamani, alichukua kibao halisi, akakitengenezea kalibu, akamwaga plasta na kuipaka rangi, kama majumba ya makumbusho yanavyofanya kwa ajili ya shule. Kwa hiyo ni bandia. Barua yake ilisema ni bandia. Angeweza kunyamaza, akainua kidevu, akasema "nilikwambia," na mzee angeondoka na taulo lake, na dunia isingejua.

Wazo hilo lilikaa naye kwa muda ambao hakupenda kuupima.

"Mwalimu, keti tafadhali," alisema. "Hii ni nakala ya plasta. Lakini mimi sikuliona hilo. Nilisema ni bandia kwa sababu ya vichwa, na vichwa havina kosa. Mwandiko ni wa kweli kabisa. Nilikosea, nikaangukia kwenye ukweli kwa bahati tu."

Mzee akachomoa kalamu nyekundu mfukoni (bado alitembea nayo), akaichukua ile barua, na pembeni akaandika kitu.

"Jibu sahihi, njia siyo," alisoma. "Nusu maksi."

Bibi Kabari alicheka mpaka akakohoa, na fundi aliyekuwa kwenye stoo ya ngazi akaja kuuliza kama kuna tatizo.

"Sasa niambie," mzee alisema akiwa amelainika, "kwa nini imeandikwa mara mbili?"

Na hapo tu, akikiangalia kile kibao cha mviringo kikiwa upande wake sahihi, Bibi Kabari akaona kile alichopaswa kukiona Jumatatu. Umbo la mkate mdogo. Safu mbili nadhifu juu, zilezile mbili chini zikiwa zimepinda.

"Ni daftari," alisema. "Vibao vya namna hii vilikuwa vya wanafunzi. Mwalimu anaandika juu, mtoto ananakili chini."

Mzee alikisogeza karibu na uso, akakishika kwa mikono miwili. Kisha midomo ikaanza kutetemeka, na Bibi Kabari hakujua kama ni kilio au kicheko.

"Ona hapa mwishoni," alinong'ona. "Nafasi ilikuwa inamwishia. Akabananisha. Wote hubananisha! Nimewaambia miaka thelathini na minne, pimeni mstari kwanza, pimeni mstari!"

Ijumaa saa nne waandishi walikuja, wanne, na mmoja alikuwa amekosea jengo. Mkurugenzi alifuta Farao kwenye hotuba, isipokuwa mahali pamoja alipojisahau. Hakuna aliyejali, maana mwalimu mkuu alikuwa ameshakamata chumba. Alisimama na nakala ile ya plasta, akawaeleza kabari na kichwa na mkia, akamwita mbele mwandishi aliyekuwa anasinzia, akampa rula na kipande cha udongo, akamwambia anakili safu ya kwanza. Mwandishi alibananisha mwishoni.

"Rudia," alisema mzee.

Bibi Kabari alikuwa amesimama mlangoni. Simu yake ikatetemeka: shemeji, jiwe la kumi na mbili. Safari hii, kabla ya kulitazama jiwe, alimuuliza alitumia kamera ipi.