Figo Iliyong'aa Sawa na Ini

Mwalimu aliyenifundisha hesabu darasa la tano alikuja kwangu kupimwa utrasaundi, hospitali ya Bariadi, siku ambayo foleni ilikuwa imefika getini. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu, nami nikaona aibu kuitwa mama na mtu aliyewahi kunichapa. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na magoti yalimsumbua. Daktari aliandika kwenye fomu kitu kimoja tu: aangaliwe kama ini lina mafuta. Likiwa zima, mzee aendelee na vidonge vya maumivu.

Kazi yenyewe si ngumu, ndiyo maana inatuharibu. Unaliweka ini na figo ya kulia kwenye picha moja. Ini lenye mafuta huwa jeupe kuliko figo. Weupe ukizidi kidogo na kuta za mishipa bado zinaonekana, ni daraja la kwanza. Kuta zikififia, la pili. Zikipotea kabisa pamoja na sehemu ya ndani ya ini, la tatu.

Kwa mzee vyote viwili vilikuwa na rangi moja. Nikaandika: ini la kawaida. Nikaita mwingine.

Miezi minane baadaye alirudi amevimba uso na miguu, mkewe amemshika mkono. Safari hii daktari aliulizia figo. Nikailinganisha na bandama, na figo ndiyo iliyokuwa nyeupe zaidi, wakati ilipaswa kuwa nyeusi kidogo. Nilifungua picha zake za zamani kwenye mashine. Figo ilikuwa nyeupe tangu siku ile, na ini jeupe vilevile, ndiyo maana sikuona tofauti. Mimi, mjinga, nilipimia kwenye mizani mbovu. Na kuta za mishipa zilikuwa zimefifia pale pale mbele ya macho yangu. Ningezitazama nusu dakika tu ningejua kwamba ini ni daraja la pili na figo ina ugonjwa. Vile vidonge vingesimamishwa siku hiyohiyo, maana ndivyo vinavyozidi kuumiza figo iliyochoka. Sikuzitazama. Foleni, foleni, kila siku tunasingizia foleni.

Sasa anapelekwa Mwanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Ng'ombe wake wameuzwa hadi wamebaki wawili.

Nilimweleza daktari kosa langu. Akasema figo za kisukari hufa tu, nisijisumbue. Nilimchukia kwa kunifariji, nikajichukia zaidi kwa kufarijika.

Siku ya kuchukua majibu ya kipimo kile cha pili, mkewe alinisubiri nje ya chumba. Aliniuliza, kwa upole kabisa, ugonjwa huu ulianza lini, kwa sababu mzee hulala akijilaumu kwamba alichelewa kuja hospitali.

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikamwambia, "Mama, magonjwa mengine huja ghafla."

Akanishukuru, akasema atamwambia mzee kwamba hakuchelewa, kwani kama kungekuwa na kitu, mwanafunzi wake angekiona.