Winchi Hakusema Anasikia Baridi

Waongozaji wenzake walimwita Kobe kwa ajili ya mwendo wake. Kwa miaka kumi na tisa alipandisha watu mlimani, na hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Wateja wenye pupa walimnung'unikia saa ya kwanza, na kufikia saa ya nne ndio hao hao waliomwomba apumzike kidogo. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpoteza mtu. Hakujisifu kwa hilo, ila mkewe alijisifu kwa niaba yake, mguu ukiwa kwenye cherehani pale sebuleni, kila mteja wa nguo alipouliza mume anafanya kazi gani.

Mke huyo alikuwa na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba wa kwao, fundi wa malori. Gereji nzima walimwita Winchi, kama mtambo wa kunyanyulia vitu vizito, kwa kuwa giaboksi ambayo wengine waliivuta kwa mnyororo yeye aliikumbatia na kuishusha mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno. Kila Jumapili alikuja kula kwa dada yake, na hakuondoka bila kumchokoza shemeji yake.

"Shem," alimwambia siku moja, "siku ukifa tutakaa wiki nzima tukisubiri roho itoke. Nayo si itatembea kwa mwendo wako?"

Kobe alicheka mpaka akakohoa. Alimpenda. Hakuwa na ndugu wa kiume wa kuzaliwa naye, na Winchi aliijaza nafasi hiyo bila kuombwa.

Basi ikatokea mchukuzi wa Kobe akaugua, siku moja kabla ya safari. Wateja walikuwa walimu wanne wa shule moja, wanataka kupanda hadi ukingo wa juu na kurudi siku hiyo hiyo. Mke akasema, "Mchukue mdogo wangu. Mgongo anao." Winchi akakubali kwenye simu kabla hajaelezwa saa ya kufika.

Asubuhi alichelewa dakika arobaini. Alikuwa chini ya lori mpaka alfajiri, akaja moja kwa moja na ovaroli yake ya kazi, sweta ya pamba ndani, tumbo tupu. Kobe, ambaye hakuwa mtu wa hasira, alimwambia mbele ya wageni, "Mlima si gereji. Hapa mtu mmoja akichelewa, wote wanachelewa." Winchi akanyamaza. Haikuwa kawaida yake kunyamaza.

Pale kwenye geti la hifadhi Kobe alikagua walimu mmoja mmoja, kama alivyofanya siku zote. Waliovaa jinzi aliwaambia wabadilishe. Alitazama kama kila mmoja ana koti la mvua na nguo kavu za akiba ndani ya mfuko wa plastiki. Mwalimu wa hesabu hakuwa na sweta ya akiba, Kobe akampa yake ya sufu. Kisha akamtazama shemeji yake.

"Mvua ikija utavaa nini?"

"Ngozi yangu," Winchi akajibu, na walimu wakacheka. Kobe naye akatabasamu, akiona afadhali ulimi umerudi. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi kumi na nne. Hakuna aliyeona hiyo kuwa baridi. Wakapanda.

Njia ya chini ni mwinuko mtupu, msituni. Winchi, mwenye mzigo mzito kuliko wote, alitoka jasho mpaka mgongo wa ovaroli ukawa mweusi. Manyunyu yalipoanza, kwenye saa nne, hayakuwa na la kuongeza; alikuwa ameshalowa kutokea ndani. Alikuwa na koti la nailoni lililopasuka kwapani, akalivaa, likazuia jasho lisitoke na halikuzuia maji yasiingie. Lakini alikuwa akitembea, na mwili unaotembea na mzigo hujipasha wenyewe. Hata yeye asingejua kuwa ana shida.

Shida ilianza waliposimama. Juu ya ukingo hakuna miti, na upepo ulikuwa ukipita hapo kama mtu mwenye haki ya njia. Mwalimu wa hesabu alikuwa amechubuka kisigino, damu imejaa soksi. Kobe alimkalisha nyuma ya jabali, akamsafisha, akamfunga, akawavalisha walimu sweta zao kavu, akawapa chai ya chupa na mkate. Yote hayo yalichukua dakika arobaini. Winchi alikaa pembeni, juu ya jiwe bichi, mgongo kwenye upepo.

Kobe alipompelekea kikombe na mkate, chai ilimwagika mkononi mwa Winchi. Vidole vilikuwa vikitetemeka.

"Unasikia baridi?"

"Sina baridi."

Kobe akadhani ni uchovu wa mzigo. Akadhani pia kuwa shemeji bado ana kinyongo cha asubuhi, na kwamba mtu mwenye kinyongo ni bora aachwe kidogo. Mkate ulibaki haujaguswa. Kobe aliuona, akaurudisha mfukoni.

Wakaanza kushuka. Kobe alitangulia, akimshika mkono mwalimu aliyeumia. Kila baada ya muda aligeuka kuhesabu vichwa: wanne, na Winchi mwishoni. Vichwa vilikuwepo. Hakutazama miguu.

Ilikuwa kwenye saa tisa mwalimu wa jiografia aliposogea mbele na kumwambia kwa sauti ya chini, "Ndugu yako anajikwaa kama mlevi. Nimemsemesha, hanijibu."

Kobe akarudi nyuma. Winchi alikuwa amesimama katikati ya njia, ameutua mzigo kwenye tope.

"Shem, vipi?"

"Fungueni mkia," Winchi alisema, maneno yakitoka mazito, yameshikamana. "Lori halina... fungueni."

Kobe akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama chuma, lakini kilichomtisha ni kwamba hautetemeki tena. Mtu anayetetemeka bado anapigana. Winchi alikuwa ameacha. Kisha akaanza kufungua vifungo vya ovaroli kwa vidole visivyotii.

"Joto kali humu," akasema.

Kobe alijua. Alikuwa amefundishwa, na yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha wengine: mwili ukishindwa kabisa, humdanganya mwenyewe kuwa anaungua.

Aliwapigia simu askari wa hifadhi walioko getini. Akafunga turubai kati ya miti miwili ili kukata upepo. Akatandika chini godoro jembamba la sponji na mabegi yote matupu, maana ardhi mbichi nayo hula joto. Wakamlaza Winchi taratibu, wakakata nguo zote mbichi kwa kisu badala ya kumvuta mikono, wakamkausha, wakamwingiza kwenye mfuko wa kulalia wa dharura wakiwa wamemfunika kichwa. Mwalimu wa jiografia akavua shati akaingia naye, kifua kwa mgongo. Mwalimu mmoja alianza kumsugua miguu kwa nguvu, Kobe akamzuia.

"Usimsugue. Moyo wake sasa hivi ni kama yai."

Mwingine akaleta chai. Kobe akaikataa pia. Mtu asiyeweza kumeza sawasawa angepaliwa. Basi wakakaa. Kobe alikuwa amepiga magoti, uso karibu na mdomo wa shemeji yake, akihesabu pumzi. Zilikuwa chache, na kila moja ilichelewa kuliko iliyotangulia. Alimsemesha. Alimwambia dada yako amepika, Jumapili ni kesho, usinifanyie hivi. Winchi alifumbua macho mara moja, hakumtambua.

Askari walifika saa kumi na nusu na machela. Waliijua kazi yao, wakabeba kama wanaobeba maji kwenye sahani. Lakini njia ilikuwa na ngazi za mizizi, yenye utelezi, na machela ikayumba mara moja tu. Hatua mia mbili tatu kabla ya geti moyo ukasimama. Walimkandamiza kifua kwa zamu mpaka kwenye gari, na ndani ya gari mpaka hospitali. Huko joto la mwili wake lilisoma nyuzi ishirini na saba. Madaktari hawakukata tamaa haraka. Walisema mtu wa baridi hahesabiwi maiti mpaka apate joto. Walimpasha kwa saa tatu. Alipopata joto, alikuwa amekufa.

Kilichofuata kilikuwa kigumu kwa namna nyingine. Baba mkwe alisimama mbele ya waombolezaji na kuuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo.

"Nyuzi kumi na nne. Sisi hulala madirisha wazi kwa baridi hiyo. Mtoto wangu alikuwa na nguvu za wanaume watatu. Baridi gani inaua mtu kama huyo, na inawaacha walimu?"

Watu wakaanza kunong'ona kuwa alitiliwa sumu. Kobe hakujitetea. Ilibidi daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, aje mwenyewe nyumbani na kukaa na mzee.

"Baba, si hewa peke yake," alimwambia. "Nguo kavu hushika joto. Nguo iliyolowa hulinyonya, na pamba huzidi kwa kuwa haikauki. Ongeza upepo, njaa, na kukesha. Nguvu zake ndizo zilizompandisha akiwa amelowa jasho. Aliposimama, moto ukazimika, maji yakabaki."

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ni nguo," akasema.

"Ni nguo."

Hakuomba radhi kwa yale aliyosema, na Kobe hakuyangoja.

Wiki iliyofuata mwalimu wa hesabu alikuja na kifurushi. Mke ndiye aliyempokea. Ndani mlikuwa na sweta ya sufu, imefuliwa na kukunjwa. Mwalimu alishukuru, akalia, akaondoka. Kobe aliporudi, sweta ilikuwa mezani na mkewe ameketi mbele yake.

"Ulikuwa na sweta moja ya akiba," mke alisema.

"Ndiyo."

"Ukampa mgeni."

"Ndiyo."

"Na ulimwona mdogo wangu amevaa nini."

"Nilimwona," Kobe akasema. "Nilikagua wageni. Yeye nilimwona kama mtu wa nyumbani."

Mke hakupaza sauti. Aliinuka, akaenda chumbani, na kesho yake akaenda kwa wazazi wake, akakaa huko miezi miwili. Alirudi mwenyewe, bila kubembelezwa. Wanaishi pamoja. Jumapili hupika chakula kidogo kuliko zamani.

Kobe alirudi mlimani baada ya nusu mwaka, kwa kuwa hajui kazi nyingine. Sasa huanza ukaguzi na wachukuzi. Hutia mkono ndani ya kola, hupapasa kitambaa, huuliza umekula nini. Wengine humcheka, wengine humchukia. Juzi alimrudisha mchukuzi mmoja aliyevaa suruali ya jinzi na fulana mbili za pamba. Mtu yule alitukana, akavuka upande wa pili wa geti, na kabla ya nusu saa mwongozaji mwingine akampa mzigo.

Kobe aliwakabidhi wateja wake kwa mwenzake. Akaketi kwenye benchi la askari, akatazama njia inayoingia msituni. Alikaa hapo mchana kutwa, mpaka alipomwona mtu yule akishuka kwa miguu yake.