Jina Kifuani kwa Msimu Mmoja

Tangu mwoka mikate afariki, mtaa wetu unaamka bila harufu ya mkate. Duka lake lilifungwa, na jina lake likabaki vifuani mwa watoto wa timu yetu tu. Mimi, katibu wa timu, ndiye niliyempelekea barua ya kuomba udhamini: atununulie jezi, nasi tuandike jina la duka kifuani na kutundika bango kando ya uwanja, kwa msimu mmoja.

“Barua ndefu kama ya posa, katibu!” alinitania, akatia sahihi palepale.

Mjane wake hakukosa mechi. Mpira hakuujua, alikuja kulitazama lile jina.

Msimu ulipokwisha, muuza simu alikubali kutuvalisha, mradi kifua kiwe chake peke yake. Bila jezi mpya tusingesajiliwa kwenye ligi. Nilikwenda kwa mjane na ile barua mkononi, nikaifungua mbele yake.

“Msimu mmoja, shemeji. Kusoma najua,” alisema. “Niletee bango tu.”

Nilimpelekea, nimelikunja vizuri.

Mwoka mikate amezikwa kwenye makaburi ya nyuma ya goli, safu ya tatu; naye hakosi mechi.