Misalaba Miwili ya Mama Shuka

Kwa miaka kumi na moja Mama Shuka alifua shuka na sare za wauguzi hospitalini, huku akitamani kuvaa mojawapo. Mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi alishaanguka mara mbili, na kanuni ilikuwa wazi: mara tatu, basi.

Tena si kwamba hajui! Mwili wa binadamu alikuwa nao kichwani. Bintiye, mwalimu wa baiolojia, alishindwa kuelewa mpaka jioni moja alipoketi kando yake jikoni akamtazama akifanya mazoezi kwenye simu. Ikatokea picha ya figo, na swali: kauli ipi SI sahihi? Mama akasoma kauli ya kwanza. "Figo huchuja damu. Kweli kabisa!" Akabofya.

"Mama! Wameuliza ya uongo."

"Si nimeisoma, ni kweli?"

"Ndiyo maana si jibu. Ukiona kweli unafurahi, unasahau ulichotumwa."

Mama akanuna. Aambiwe hivyo na mtoto aliyemfundisha kufunga vifungo! Lakini mwenye shida hachagui mwalimu. Binti akamwonyesha: funika swali kwa kiganja. Pima kila kauli kwa picha, moja baada ya nyingine, zote. Ya kweli tiki, ya uongo msalaba. Ndipo ufunue swali uone wanataka ipi. Mwezi mzima mama akafanya hivyo, akilalamika kila siku.

Siku ya mtihani, kwenye kompyuta, ukaja mchoro wa moyo wenye vyumba vinne, cha 1 na 2 juu, cha 3 na 4 chini. Mama akafunika swali, akaandika alama zake kwenye karatasi. A, chumba 4, chini kulia kwake, husukuma damu kwenda mwilini: msalaba, hiyo ni kazi ya kushoto. B, ukuta wa 4 ni mnene kuliko wa 3: tiki. C, vyumba vya juu hupokea damu: tiki. D, vali huruhusu damu kurudi juu: msalaba. Akafunua. Wanataka moja tu isiyo sahihi.

Misalaba miwili! Mmoja lazima kaukosea. Akautazama tena mchoro, ule ukuta mnene wa chumba 4, mnene kama wa chumba kinachosukuma damu mwili mzima, na akili ikamfunguka: huyu mtu mwenye moyo ananitazama! Kulia kwangu ni kushoto kwake. Akaufuta msalaba wa A, akabofya D.

Matokeo yalipotoka, alipita kwa alama moja. Binti akamkumbatia akilia.

"Ile ya moyo uliyosema ilikutatiza, ulijuaje, mama?"

"Nilikuwa na misalaba miwili, mwanangu. Mmoja wa kwao, mmoja wangu."

Sare yake ya kwanza hakumpa mtu aifue.