Tahariri ya Ndoo na Mabomba

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Siku ile zilinipandia dukani, hapa Newala, niliposoma tahariri ya gazeti moja: “Wanawake wa uwanda huu hawathamini maendeleo, kwani mabomba yamefikishwa vijijini mwao, nao bado wanateremka bondeni na ndoo.” Nikalinunua gazeti kwa uchungu, nikalipeleka kwenye klabu ya midahalo niliyoilea shuleni. Jumamosi tulikuwa na shindano Masasi.

Niliandika sentensi ile ubaoni, nikawataka wanafunzi watenge madokezo, yaani sababu zilizotolewa, na hitimisho. Wengi walisema hitimisho ni zile ndoo, kwa kuwa ziko mwisho. Nikafoka. Tazameni hilo “kwani”, nikawaambia. Linalofuata ni sababu, lililotangulia ndilo analotaka tulimeze. Mmoja akasema basi madokezo ni uongo. Si uongo, na hilo ndilo lililonichoma. Mabomba yapo, ndoo zipo. Kumbe mtu anaweza kukutukana kwa maneno ya kweli matupu.

Nikauliza kasoro iko wapi. Ndipo akaingia binti wa kidato cha nne, amechelewa kama kawaida yake, sketi imelowa upande mmoja. Alikuwa msemaji wetu bora, na asubuhi ile nilikuwa nimelikata jina lake kwenye orodha ya Masasi na kuibandika ukutani, pembeni nimeandika “hana nia”. Aliusoma ubao akiwa bado mlangoni.

“Shikamoo, mwalimu. Huyu amedhani mabomba yanatoa maji. Hakuandika, lakini bila hilo hoja haisimami. Kama ni makavu, madokezo yake yanabaki kweli na hitimisho linaanguka.”

Nikampigia makofi. Yeye hakucheka. Aliitazama ile orodha.

“Mazoezi yanaanza saa tisa. Mimi nafika saa kumi. Yote kweli, mwalimu. Ukahitimisha sina nia. Wewe umedhani nini?”

Niliona haya, na haya zangu hutoka zikiwa hasira. Nikamwambia aache ujeuri, akae. Akakaa.

Mwenzake ndiye aliyenieleza baadaye: mama yake alikuwa amejifungua, na maji yote ya nyumba ile aliyachota binti, bondeni kwenda na kurudi. Nikampigia simu mwalimu wa Masasi aliyepokea majina. Alisema orodha imefungwa. Nikabishana naye hadi akakata simu.

Jumamosi tulikwenda bila yeye, tukashindwa. Mwandishi wa tahariri nilimwandikia barua ndefu, kali, nikamwonyesha dhana yake aliyoificha. Sikuituma. Huenda yeye hajawahi kufika huku. Mimi sketi ile iliyolowa niliiona kila siku, na sikuuliza.