Quinter na Steji Tatu za Kaptembwet

Ukitaka kumkasirisha Quinter Adongo, mwulize mtu mwingine mahali pa kupandia gari huku yeye yupo. Ataacha cherehani, atavua miwani, na atakutazama mpaka uombe msamaha bila kujua umekosa nini.

Miaka kumi na tisa alichuma majani ya chai. Mashine za kuchuma zilipofika na wachumaji wakapunguzwa, alinunua cherehani ya mguu akaiweka Kaptembwet, chini ya baraza la duka la mbolea, mahali ambapo barabara kuu ya Kericho kwenda Nakuru inapokea barabara ndogo itokayo Silibwet kupitia mashambani. Wateja walimjia kwa ajili ya sare za shule na sketi za kwaya. Lakini siku nzima macho yake yalikuwa barabarani, na baada ya miaka minane akawa mkuu wa steji bila kuajiriwa na mtu.

Na steji za Kaptembwet zinahitaji mkuu kweli. Ziko tatu, na unaweza kupiga chafya kwenye moja ukatakiwa afya kwenye nyingine. Ukiwa umeelekea Nakuru, barabara ya Silibwet inaingilia mkono wako wa kulia. Kabla hujafika kwenye maingilio hayo kuna Junction: benchi la wanaokwenda Nakuru liko kushoto, na benchi la wanaokwenda Kericho liko ng'ambo. Ndani kidogo ya barabara ya Silibwet, kando ya kinu cha kusaga mahindi, kuna Posho. Ukipita maingilio, hatua kama mia tatu mbele, kuna Kiwandani, kwenye lango la kiwanda cha chai.

"Unaenda wapi?" ndilo lilikuwa swali la Quinter, na halikuwa na pili. Ukisema Kericho anakuvusha. Ukisema Nakuru, Londiani au Kipkelion anakuketisha benchi la kushoto. Wazee walimshukuru, makanga walimwita madam, naye alijidai waziwazi. Alipenda kusema kwamba hajawahi kumpoteza mtu hata mmoja.

Sasa basi, Jumamosi moja ya Agosti ilikuwa zamu yake mwenyewe kusafiri.

Alikuwa na gauni la harusi. Halikuwa la kukodisha wala la kurekebisha. Lilikuwa gauni la kwanza la bibi arusi alilolikata na kulishona kwa mikono yake tangu azaliwe. Bibi arusi alikuwa Janeffer, binti wa Chepkosgei, na Chepkosgei alikuwa mwenzake wa mstari mmoja shambani kwa miaka kumi na minne, kabla familia haijahamia Londiani kulima viazi. Watu wa ukoo walikuwa wamenong'ona kwamba harusi kubwa hivyo inataka gauni la Nakuru mjini. Chepkosgei aliwajibu kwamba binti yake atavaa gauni la Mama Phelix, ndivyo walivyomwita Quinter, au ataenda kanisani na sare ya shule. Maneno hayo yalimfikia Quinter, yakamnyima usingizi wiki tatu.

Ibada ilikuwa saa nne. Gauni lilichelewa kwa sababu Janeffer, alipokuja kulijaribu Alhamisi, alitaka mikono ifike kwenye kiwiko, na Quinter alikesha na lesi. Mabasi ya kutoka Kericho yalikuwa yamejaa, maana Agosti ni mwezi wa harusi, na matatu za asubuhi hupita Kaptembwet zimeshiba bila hata kupunguza mwendo. Mwenye kukata tiketi alimpata kwa simu nafasi katika basi jipya lililokuwa limeanza safari mwezi ule, likipita mapema kabla hajafungua kazi.

"Saa moja na robo, Kaptembwet," alisema. "Sasa mama, hiyo gari inatoka—"

"Kaptembwet niachie mimi," Quinter alimkata, akakata na simu.

Saa moja kasoro alikuwa kwenye benchi la kushoto pale Junction, amevaa koti zito, gauni limekunjwa ndani ya shuka nyeupe na kulazwa magotini kama mtoto mchanga. Ukungu ulikuwa bado umelalia chai. Kwenye steji ya Posho, ng'ambo, alimwona kijana mmoja wa suti na mkoba amesimama peke yake kando ya kinu.

Damu ya ukuu wa steji ikamchemka.

"Wewe kijana! Unaenda wapi?"

"Nakuru, mama! Kwa interview!"

"Nakuru na unasimama Posho? Hiyo ni ya watu wa Kericho! Kuja hii side!"

Kijana alitazama simu yake, akamtazama mama mwenye koti, akasita. Lakini alikuwa amelelewa vizuri. Alivuka barabara, akaketi kando yake, akasema anaitwa Onsongo na kwamba ni mgeni, amelala kwa shangazi yake kiwandani.

"Niliambiwa kwa Posho," alisema kwa upole. "Pengine walikosea."

"Hao watu wa tiketi wanakaa ofisini," Quinter alimwambia. "Mimi niko hapa kila siku. Gari ya Silibwet ikifika hapo inakata kushoto, inaenda Kericho. Nakuru ni hapa tu."

Na kweli ndivyo alivyoona kwa miaka minane. Kila gari lililopanda kutoka Silibwet lilikata kushoto na kusimama kwenye benchi la ng'ambo, la Kericho. Hakuwahi kuona hata moja likienda Nakuru.

Saa moja na robo, basi la bluu lilipanda kutoka Silibwet. Lilipunguza mwendo pale Posho, kondakta akatoa kichwa, akatazama kulia na kushoto. Hapakuwa na mtu. Likasogea mpaka kwenye maingilio, likawasha taa ya kulia, likakata kulia polepole na kuelekea Nakuru. Junction ilibaki nyuma yake. Wale wawili kwenye benchi walibaki wakiutazama mgongo wa basi, na kwenye mgongo ule paliandikwa, kwa herufi kubwa za njano, SILIBWET – LONDIANI – NAKURU.

Quinter aliyasoma maneno yale mara mbili. Kisha akili ikamwingia yote kwa mpigo. Benchi lake liko kabla ya maingilio. Gari litokalo Kericho lazima lipite hapo, lakini litokalo Silibwet linaingia barabara kuu mbele ya benchi, na likikata kwenda Nakuru haliwezi kupita hapo hata dereva akitaka. Watu wote hawa aliwauliza wanakwenda wapi. Hata siku moja hakuuliza gari lenyewe linatoka wapi.

"Yawa!" alipiga kelele. "Nimetupoteza!"

"Mama, itasimama wapi tena?" Onsongo alikuwa ameshasimama.

Aibu ilimchoma, lakini steji hizi alizijua bado. "Kiwandani! Ni upande huu huu! Zamu ya usiku inatoka sasa, lazima ibebe watu. Kimbia!"

Walikimbia. Onsongo alishika ncha moja ya shuka ili gauni lisiguse matope, Quinter akashika nyingine, na mama wa miaka hamsini na moja, aliyekuwa akilalamika magoti tangu Pasaka, akala hatua mia tatu kama msichana. Viatu vya mvua vilimpigapiga miguuni. Aliomba kwa Kijaluo, kwa sauti, akimtajia Mungu jina la Chepkosgei, endapo angekuwa amelisahau.

Mbele yao basi lilikuwa limesimama kwenye lango la kiwanda. Wafanyakazi wa zamu ya usiku walikuwa wakipanda mmoja mmoja, na aliyekuwa wa mwisho mlangoni, fundi wa mitambo aitwaye Kipruto, aligeuka kwa kelele zile.

"Huyo si Mama Phelix?" alisema. Aliweka mguu mmoja ndani na kuuacha mwingine chini, na kondakta alipomwambia apande akasema hawezi, mguu umekufa ganzi. Uliendelea kufa ganzi mpaka gauni likafika.

"Nyinyi ndio wawili wa Posho?" kondakta aliuliza. "Nimewatafuta pale!"

Heshima ilimzuia Onsongo kumsema mama. Quinter ndiye aliyesema, na alisema kwa sauti ambayo basi zima lilisikia.

"Huyu alikuwa Posho, mahali pake sawasawa. Mimi ndio nilimtoa."

Basi likaangua kicheko. Kipruto alicheka mpaka ganzi ikamtoka. "Madam wa steji!" alisema. "Leo steji imekushinda!" Quinter alijaribu kununa, hakuweza. Alicheka mpaka machozi, gauni kifuani, na Onsongo akacheka naye.

Baada ya Kipkelion Quinter alikumbuka jambo, akamgusa kondakta begani. Zamani angetangaza mwenyewe. "Baba, Londiani unanishukisha wapi? Mjini ama kwa barabara?"

"Hatuingii mjini, mama. Ni kwa Junction, mkono wa kushoto, kabla ya barabara ya kwenda mjini."

Alimpigia Kiptanui, kaka yake Janeffer, aliyemngojea na pikapu. Kiptanui alikuwa mjini, kwenye steji ya matatu, akishangaa mbona hafiki. Kama Quinter asingeuliza, wangengojeana kila mtu mahali pake mpaka kengele ilie. "Kuja kwa barabara kubwa," alimwambia. "Kaa upande ambao magari yanaenda Nakuru. Ukitoka barabara ya mjini usielekee Nakuru, tutakuwa nyuma yako." Kiptanui alirudia maelezo yale mara mbili kama mwanafunzi, na basi liliposimama alikuwa pale pale. Onsongo alimteremshia gauni kupitia dirisha. Quinter akamshika kijana mkono, akamwambia akipata kazi hiyo aje ashonewe suruali isiyomvuta magotini namna ile.

Saa tatu na dakika arobaini, katika chumba chenye wanawake kumi na moja wote wakitoa amri, Janeffer aliingia ndani ya gauni. Quinter alifunga vifungo ishirini na viwili vya mgongoni, kimoja kimoja. Kila kimoja kilikaa. Mikono iliishia kwenye kiwiko pasipo hata mkunjo. Shangazi aliyetaka gauni la Nakuru alizunguka mara mbili akitafuta kosa, akaishia kuuliza kama fundi anashona pia nguo za akina mama wanene.

Chepkosgei alimtazama binti yake, akamtazama rafiki yake mwenye matope mpaka magotini, akapiga goti sakafuni na nguo zake mpya za harusi, akaanza kumpangusa viatu kwa leso yake.

"Acha, mama Janeffer, utachafuka," Quinter alisema.

"Nyamaza," Chepkosgei alimwambia, akihamia kiatu cha pili. "Wewe utakaa mstari wa mbele na mimi."